Maji ya Kijito au Wali wa Msibani? Namna ya kusoma na kuandika mlipuko wa kipindupindu

Katika ripoti za uchunguzi wa milipuko zinazoandikwa na wanafunzi wa epidemiolojia ya uwandani, kuna sentensi moja inayorudi mara kwa mara: "mchoro wa mlipuko unaonesha kuwa chanzo kilikuwa kimoja". Huwekwa chini ya mchoro wa nguzo zilizopanda ghafla na kushuka taratibu, kisha mwandishi huruka moja kwa moja hadi kwenye chanzo anachokishuku. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa kipindupindu, sentensi hiyo karibu kila mara imesema zaidi ya kile mchoro unachokijua. Mchoro wa mlipuko ni shahidi wa wakati tu. Unaweza kusema vimelea viliingia lini kwa watu wengi, na unaweza kukataa maelezo ambayo hayalingani na siku. Kama viliingia kwa maji, kwa chakula au kwa mikono ya aliyemuuguza mgonjwa, mchoro haujui. Ripoti nzuri ni ile inayoweka wazi mpaka huo, kiasi kwamba msomaji aliyeko ofisini Morogoro mjini anaweza kuona ni wapi ushahidi wa siku unakoma na wapi ushahidi wa mahali na watu unaanzia.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Tanzania imekuwa na mpango wake wa kufundisha epidemiolojia ya uwandani na maabara tangu 2008, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na kozi fupi ya miezi mitatu ya ngazi ya kwanza inawalenga watumishi walioko wilayani: bwana afya, muuguzi, mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, mtaalamu wa maabara. Mlipuko uliotangazwa Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu Tanzania Bara yote, Mkoa wa Morogoro ukiwemo, ukavuka hadi Zanzibar, na kufikia tarehe 20 Aprili 2016 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 24,108 na vifo 378. Takwimu za ukubwa huo huchorwa kwa juma, na ni sawa zichorwe hivyo, kwa kuwa swali la taifa ni mikoa gani inapanda na ipi inashuka. Lakini mlipuko wa taifa umeundwa na vishada vidogo, thelathini hapa, hamsini kule, na kila kishada kina sababu yake iliyoweza kukatwa kwenye kijito fulani au nyumba fulani. Vishada hivyo ndivyo mwanafunzi wa kozi hutumwa kuvichunguza, na huko nguzo za juma zima hazimfai.

Tuchukue zoezi la darasani na tulifanye mpaka mwisho. Wagonjwa na hesabu zake ni za kubuni kwa ajili ya kufundishia, ila mandhari nimeyachukua Kinole, kata ya Morogoro Vijijini iliyo kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Nimeichagua kwa sababu ya maumbile yake. Ni nchi ya migomba, mananasi, mdalasini na pilipili manga, yenye mvua nyingi, nyumba zimetawanyika juu ya miinuko, na vijito vinateremka kuelekea mto Ruvu ambao hatimaye hunywewa Dar es Salaam. Mahali kama hapo, anayeishi bondeni hunywa kilichopita kwa anayeishi juu. Pia ni mahali penye biashara ya mazao na mjini, kwa hiyo vimelea vinaweza kupanda mlima pamoja na mfanyabiashara anayerudi nyumbani.

Katika zoezi letu, mfanyabiashara wa ndizi anarudi kutoka Dar es Salaam na kuanza kuharisha majimaji siku tunayoiita siku ya 1. Anauguzwa nyumbani na kufariki usiku wa siku ya 4. Asubuhi ya siku ya 5 godoro na mablanketi yake yanafuliwa kwenye kijito, juu ya mahali ambapo watu wa kitongoji cha bondeni huchota maji. Alasiri ya siku hiyohiyo anazikwa, na waombolezaji wanakula wali msibani. Zahanati inapata mgonjwa wa kwanza anayeshukiwa siku mbili baadaye, timu ya wilaya inafika siku ya 9, inafungua kambi ya matibabu na kupita nyumba kwa nyumba. Hadi siku ya 13 orodha ina wagonjwa 38, wawili kati yao wamekufa.

Mchoro wa kwanza ambao mwanafunzi huuchora ni ule ulio rahisi, yaani kwa tarehe ya kuandikishwa kwenye rejista. Ukichorwa hivyo, siku saba za mwanzo zina wagonjwa watano kwa jumla, siku ya 8 watatu, kisha siku ya 9 inasimama nguzo ya watu 17. Baada ya hapo ni 6, 4, 2, 1. Ni mchoro wa kupendeza, na ni wa uongo. Nguzo ile ya siku ya 9 haielezi ugonjwa. Inaeleza kufika kwa gari la wilaya. Watu waliokuwa wakiugua majumbani kwa siku mbili tatu waliletwa au walitafutwa siku moja, wakaandikwa siku moja. Atakayerudi nyuma siku moja au mbili kutoka kwenye kilele hicho kutafuta chanzo ataangukia siku ya 7 au ya 8, siku ambazo katika kisa chetu halikutokea jambo lolote. Atalipata tu jambo la kulaumu, kwa kuwa kijijini hakukosekani mnada, harusi au muuza juisi.

Mchoro wa pili huchorwa kwa tarehe ya kuanza kuharisha. Hapo siku ya 1 ina mgonjwa mmoja, siku ya 3 mmoja, siku ya 5 wawili. Siku ya 6 wanaruka hadi tisa, siku ya 7 wanane, halafu watano, wanne, watatu, wawili, mmoja, na siku ya 13 mmoja. Jumla ni 37. Wa 38 ni mzee aliyefia nyumbani ambaye ndugu zake hawakubaliani kuhusu siku aliyoanza kuugua. Yeye hapaswi kusukumizwa kwenye nguzo yoyote ili hesabu ikamilike. Maelezo ya chini ya mchoro yaseme waziwazi kwamba mgonjwa mmoja hakuoneshwa kwa kukosa tarehe.

Kuna pingamizi la haki hapa. Tarehe ya kuandikishwa iko kwenye rejista kwa wino, ilhali tarehe ya kuanza kuharisha iko kwenye kumbukumbu ya mtu aliyekuwa amelala na dripu mkononi, au ya binti yake. Kwa nini tuache maandishi tushike kumbukumbu? Jibu ni kwamba makosa ya aina mbili hayana uzito sawa. Kumbukumbu hukosea huku na huku: mmoja anasema Jumanne kumbe ni Jumatatu usiku, mwingine kinyume chake, na kwa watu thelathini na kitu makosa hayo hupanua kilele kidogo tu. Rejista hukosea kwa upande mmoja. Humsogeza kila mtu mbele, na humsogeza zaidi yule aishiye mbali na zahanati. Kwenye miteremko ya Uluguru umbali huo ni wa kutembea kwa miguu. Isitoshe, kumbukumbu inaweza kusaidiwa. Mhojaji asiyeuliza "ulianza tarehe ngapi" bali "ilikuwa kabla ya mazishi au baada, ulikuwa umeshakula cha usiku, ulilala au hukulala" atapata nusu siku sahihi kutoka kwa mtu asiyejua tarehe.

Mfano wa kale unaonesha tofauti hiyo kwa hesabu halisi. Mwaka 1854 daktari John Snow alipanga kwa siku watu waliokufa kwa kipindupindu katika eneo la Broad Street, London. Kwa siku walipoanza kuugua, kilele kilikuwa tarehe 1 Septemba, watu 143. Kwa siku walipokufa, kilele kilikuwa tarehe 2, watu 127. Ni watu walewale, na tayari mchoro umesogea siku moja. Kwa ugonjwa ambao muda wake wa kujificha mwilini ni mfupi, siku moja inatosha kuwageuza wenye hatia kuwa watu safi.

Muda huo wa kujificha, yaani tangu vimelea vinaingia hadi kuhara kunapoanza, ndio ufunguo wa kusoma mchoro, na ndio unaoamua upana wa nguzo. Kwa kipindupindu unatajwa kuwa wa saa chache hadi siku tano. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa 2013 ulikadiria kwamba nusu ya watu huanza kuugua ndani ya siku 1.4, mmoja kati ya ishirini kabla ya nusu siku kuisha, na 19 kati ya 20 kabla ya siku 4.4. Kanuni inayofundishwa ni kuipa nguzo upana wa robo hadi theluthi ya muda wa kawaida wa kujificha, jambo ambalo kwa kipindupindu lingetupeleka kwenye saa nane hadi kumi na mbili. Kanuni hiyo ifuatwe kwa akili. Wagonjwa 37 wakigawanywa kwa saa nane nane katika siku 13, nguzo nyingi zitakuwa na mtu mmoja au wawili, na jicho litaanza kuona vilele pasipo na kitu. Juma zima nalo linaua kila kitu: kishada chetu kingekuwa nguzo mbili, 21 na 16, na hakuna ambacho mtu angeweza kusema juu yake. Kwa Kinole siku moja ndiyo kipimo kinachofaa, na nusu siku ijaribiwe pembeni kuona kama sura inabaki ileile. Kama sura inabadilika kila unapobadili upana, basi ulichokiona hakikuwa cha wagonjwa bali cha rula yako.

Sasa tusome. Wanne wa mwanzo wanajitenga na wengine, na orodha inaonesha kuwa wote ni wa nyumba moja: marehemu na watu watatu waliomuuguza. Kisha kuna kundi la siku ya 6 hadi ya 9, watu 26. Mtu wa katikati katika kundi hilo anaangukia siku ya 7. Ukirudi nyuma siku 1.4 unafika mwisho wa siku ya 5 au mwanzo wa siku ya 6. Waliowahi zaidi, wa asubuhi ya siku ya 6, ukiwarudisha nusu siku unafika jioni ya siku ya 5. Njia mbili zinaelekea siku moja. Hapa mchoro umefanya kazi yake kwa heshima: umesema jambo lililowapata watu wengi lilitokea siku ya 5, au karibu nayo sana.

Lakini siku ya 5 ina mambo mawili. Asubuhi matandiko yalifuliwa kijitoni, alasiri watu walikula wali. Tofauti kati yao ni saa chache, na muda wa kujificha wa kipindupindu unatanda kwa siku nne. Hakuna upana wa nguzo, wala programu ya kompyuta, wala jicho la mwalimu, litakalotenganisha saa hizo chache kwa kuangalia sura ya mchoro. Chanzo cha maji kilichochafuliwa mara moja na sufuria ya wali iliyochafuliwa mara moja huchora mlima uleule. Mwanafunzi anayeandika "mchoro unaonesha mlipuko ulitokana na chakula cha msibani" ameandika jambo ambalo mchoro haukulisema, na amelisema kwa sababu msiba unakumbukwa na wote ilhali kufua nguo hakukumbukwi na mtu.

Hapo ndipo orodha ya wagonjwa inapohitaji wenzake wasiougua. Bila idadi ya watu waliokula wali wakabaki wazima, kusema "wagonjwa 13 walikuwa msibani" hakuna maana, kwani huenda nusu ya kijiji ilikuwa msibani. Katika zoezi, timu inakusanya taarifa za watu wote 730 wa vitongoji husika. Wanne wa nyumba ya marehemu wanawekwa kando pamoja na mzee asiye na tarehe, maana swali ni nani aliugua baada ya siku ya 5 (na marehemu hakuhudhuria mazishi yake kama mlaji). Wanabaki watu 725, wagonjwa wakiwa 33. Waliokula msibani ni 130, wakaugua 13, yaani 10 kwa kila mia. Wasiokula ni 595, wakaugua 20, yaani 3.4 kwa kila mia. Walaji wameugua mara tatu zaidi. Ripoti nyingi zingeishia hapa, na mapendekezo yangekuwa kupiga marufuku chakula misibani.

Waulizwe tena, safari hii kuhusu maji. Waliokunywa maji ya kijito bila kuyachemsha ni 230, wakaugua 29. Wasioyanywa ni 495, wakaugua wanne. Uwiano si tatu tena bali zaidi ya kumi na tano. Na sasa wagawe walaji wa msibani kwa maji waliyokunywa. Miongoni mwa wanywaji wa kijito, waliokula walikuwa 90 wakaugua 12, wasiokula walikuwa 140 wakaugua 17: ni 13 kwa mia dhidi ya 12 kwa mia, karibu hakuna tofauti. Miongoni mwa wasiokunywa kijito, waliokula walikuwa 40 akaugua mmoja, wasiokula 455 wakaugua watatu. Wali ulionekana na hatia kwa sababu waombolezaji wengi walitoka bondeni, na watu wa bondeni ndio wanywaji wa kijito. Yule mmoja aliyekula bila kunywa kijito hatoshi kubeba hoja yoyote, ingawa hatoshi pia kuusafisha wali kabisa. Ripoti iseme hivyo: maji ya kijito yanaeleza sehemu kubwa ya mlipuko, na mchango wa chakula, kama upo, ni mdogo na haukuweza kupimwa kwa idadi hii ya watu. Hesabu za uwandani hazitoki safi namna hii, lakini njia ya kuzifikia haibadiliki.

Mtu wa maabara atauliza: kwa nini tusipime tu maji? Yapimwe, ila matokeo yasomwe kwa tahadhari. Kijito cha mlimani hakikai. Maji yaliyochukuliwa siku ya 10 si yale yaliyonywewa siku ya 5, na kutoota kwa kimelea cha kipindupindu kwenye sampuli hiyo hakukisafishi kijito hata kidogo. Kukutwa kwa bakteria wa kinyesi kunathibitisha kwamba uchafu wa binadamu au wanyama unaingia humo, jambo ambalo tayari tunalishuku, lakini hakuthibitishi kipindupindu. Nguvu ya maabara iko kwenye kinyesi cha mgonjwa: sampuli ichukuliwe kabla ya kuanza dawa za kuua bakteria, isafirishwe kwenye mediamu ya kusafirishia sampuli inayoitwa Cary-Blair, na ioteshwe ili kimelea kitambuliwe. Kipimo cha haraka kinachofanyika zahanati kinatosha kuamsha tahadhari, lakini hakichukui nafasi ya kuotesha. Kwa hiyo kwenye mchoro washukiwa na waliothibitishwa wapakwe rangi mbili tofauti katika nguzo ileile. Hakuna haja ya kuthibitisha kila mtu. Mlipuko ukishathibitishwa, anayeharisha majimaji katika eneo hilo huhesabiwa kwa fasili.

Fasili hiyo ya mgonjwa huandikwa kwa sentensi moja kwenye ripoti na kusahauliwa, ingawa ndiyo inayounda mchoro wote. Ikisema "mwenye umri wa miaka miwili au zaidi, mkazi wa Kinole, aliyepata kuharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku", itawaacha nje watoto wachanga, ambao huharisha kwa sababu nyingi nyingine. Ikibadilishwa katikati ya kazi, kwa mfano kuanzia na walioishiwa maji mwilini tu kisha kupokea kila anayeharisha, nguzo zitapanda siku ileile fasili ilipobadilika. Kwa hiyo ripoti ieleze fasili ilitumika kuanzia lini, na wale walioandikwa kwa fasili ya zamani wapimwe upya kwa ile mpya kabla ya mchoro kuchorwa.

Turudi kwenye mkia wa mchoro, kwani hapo ndipo ripoti nyingi zinapojisifu bila haki. Tangu siku ya 10 hadi ya 13 kuna wagonjwa saba. Kama wote walipata vimelea siku ya 5, tungetarajia mmoja tu hivi achelewe kiasi hicho. Kwa hiyo mchoro unakataa hadithi ya chanzo cha mara moja kwa mlipuko mzima. Ama kijito kiliendelea kuchafuliwa, ama watu waliambukizana majumbani, ama yote mawili. Kipindupindu mara nyingi huwa hivyo, changanyiko, na majina matatu ya vitabuni (chanzo cha mara moja, chanzo kinachoendelea, maambukizi ya mtu kwa mtu) yatumike kwa sehemu za mchoro, si kwa mchoro mzima kama muhuri. Orodha ikionesha kuwa watano kati ya saba wanalala nyumba moja na mgonjwa aliyetangulia, tayari kuna jibu la kiasi.

Halafu kuna klorini. Timu ilianza kuweka klorini kwenye ndoo za maji kijitoni siku ya 10, na wagonjwa wakapungua hadi kuisha siku ya 13. Ripoti inashawishika kuandika kwamba klorini ilizima mlipuko. Tazama tena nguzo: 9, 8, 5, 4, kisha ndipo klorini, kisha 3, 2, 1, 1. Mlipuko ulikuwa umeanza kushuka siku tatu kabla. Snow alikutana na jambo hilohilo. Mpini wa pampu ya Broad Street uling'olewa tarehe 8 Septemba, siku ambayo walioanza kuugua kisha wakafa walikuwa 12 tu kutoka 143 wa tarehe 1, na yeye mwenyewe aliandika kwamba vifo vilikuwa vimepungua sana kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kuhama mtaa. Umaarufu wa mpini huo umewafanya wengi wasahau ukweli huo.

Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kupinga kwamba mashaka ya namna hii yanaua ari: watumishi walishinda juani wakigawa dawa ya maji, na sasa mwanafunzi anawaambia haikusaidia. Ripoti haisemi hivyo. Inasema mchoro hauwezi kuthibitisha kwamba ilisaidia, na hizo ni kauli mbili tofauti. Klorini huua kimelea cha kipindupindu, hilo linajulikana kwa ushahidi mwingine, na inawezekana kabisa ilizuia kilele cha pili ambacho hatutakiona kamwe. Ushahidi wa kazi yao uandikwe pale unapoweza kusimama: ndoo ngapi, kiwango gani cha klorini kilichosalia kwenye maji majumbani kilipopimwa, nyumba ngapi zilifikiwa. Kwenye mchoro wawekewe mshale mdogo siku ya 10, msomaji ajionee mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Kijiji kinaharisha, na anayetaka mwanafunzi amalize kuhoji watu zaidi ya 700 kabla ya kuchukua hatua anacheza na maisha. Ni kweli, na ndiyo maana ripoti huwa mbili. Ya kwanza ni ukurasa mmoja, inatoka ndani ya saa 24 hadi 48, na inaruhusiwa kuwa na mashaka: wagonjwa wangapi, wapi, mchoro wa awali, dhana mbili, hatua zinazozuia zote mbili kwa pamoja. Klorini kwenye maji na sabuni kwenye misiba hazihitaji kusubiri takwimu. Ya pili, ile inayosahihishwa kwenye kozi, ndiyo inayotenganisha dhana, kwa sababu hatua za kudumu zina gharama na hazichukuliwi zote. Uwezo wa kata hautoshi kujenga sehemu ya kufulia iliyo chini ya chanzo cha maji, na pia kuwafuatilia wapishi wa misibani mwaka mzima. Ukikosea kuchagua, msimu ujao wa masika utakuwa na mlipuko na pia utakuwa na watu waliokatazwa kuwalisha waombolezaji wao bila sababu. Watu wa namna hiyo hawatawapokea tena wahoji wako.

Kwa hiyo mapendekezo yafungwe kwenye matokeo, kila moja likiwa na mwenye kulitekeleza. "Wananchi waelimishwe kuhusu usafi" si pendekezo. Lingeweza kuandikwa kabla timu haijatoka mjini. "Serikali ya kijiji itenge sehemu ya kufulia iliyo chini ya mahali pa kuchota maji, na mhudumu wa afya wa jamii apewe klorini ya kuua vimelea kwenye matandiko ya anayekufa kwa kuharisha kabla hayajafuliwa" ni pendekezo, na msomaji anaweza kurudi kwenye jedwali la maji kuona limetoka wapi. Vivyo hivyo vifo. Wawili kati ya 38 ni zaidi ya watano kwa mia, ilhali matibabu yakiwahi lengo ni chini ya mmoja kwa mia. Namba hiyo ikiachwa peke yake inailaumu zahanati, wakati wote wawili walifia nyumbani na kati ya 36 waliotibiwa hakufa hata mmoja. Pendekezo linalofuata ni la chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini kukaa vitongojini, si la kumwonya mganga.

Mwisho wa mchoro unahitaji uangalifu uleule kama mwanzo wake. Kwenye ripoti ya awali, inayoandikwa wagonjwa wakiwa bado wanakuja, nguzo za siku mbili tatu za mwisho ni fupi kila mara, kwa sababu walioanza kuharisha jana bado wako majumbani. Zichorwe kwa mistari ya vipande na msomaji aambiwe bado hazijatimia. La sivyo kila mlipuko utaonekana unaisha siku ambayo ripoti inaandikwa. Upande wa kulia wa nguzo ya siku ya 13 ziachwe siku tupu, kama zilivyoachwa siku tupu kabla ya siku ya 1, kwa kuwa sifuri nayo ni takwimu endapo mtu alikuwa anatafuta wagonjwa siku hizo. Mwongozo wa kimataifa unataka angalau wiki nne mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa, ufuatiliaji ukiwa unaendelea, kabla ya kutangaza kwamba mlipuko umekwisha. Kama kambi ilifungwa siku ya 15 na gari likarudi mjini, siku zinazofuata zisichorwe kama sifuri. Ziandikwe kuwa hazikufuatiliwa.